Kopo la Proteini Katika Picha: Tuangalie Wapi Mbele ya Kutuma Mafaranga

Wamama wenzetu, siku hizi kopo la proteini ao la vitamini halifike tena kwetu likiwa kopo. Linafika kwanza likiwa picha kwenye telefone. Muuzaji yuko Goma, ao Kampala, ao Dubai, anaweka picha tatu ndani ya kikundi cha Wasapu, anaandika bei, anaomba avanse. Mama mmoja anataka la kijana wake anayecheza mpira, mwingine anataka la mzee aliyetoka kwenye operasyo na amekonda, mwingine anataka vitamini za watoto. Hakuna hata mmoja aliyeshika kile kopo mkononi. Lakini picha, kama tunajua ya kuomba na mahali pa kuangalia, inasema mambo mengi zaidi kuliko muuzaji anavyofikiri.

Tutafwata mambo ya kikundi kimoja cha likelemba cha hapa Bukavu, kwa sababu sisi wenyewe tulikaa nao jioni mbili tukikuza picha zile kwa vidole. Walipendekezewa makopo matatu: proteini ya vanili kwa dola 55, proteini ya shokola kwa dola 55, na kopo la vitamini za watoto kwa dola 18. Jumla ni dola 128, na muuzaji alitaka nusu yake, dola 64, kwanza. Kwa mama anayeuza mboga sokoni, dola 64 si mchezo. Jina la muuzaji hatutalitaja, na alama za makopo pia hapana, kwa sababu anayeiga anaiga kila alama inayouzika.

Picha za kwanza alizotuma zilikuwa nzuri sana: kopo jeupe, nyuma kupeupe, hakuna kivuli. Picha ya namna hiyo ni ya kiwanda, imetolewa kwenye intaneti, na haioneshi kopo litakalokuja. Kwa hiyo wamama walijibu kwa upole kwamba wanaomba picha nne za kila kopo, zilizopigwa na yeye mwenyewe: etiketi ya nyuma karibu karibu, kifuniko kikiwa kimefunguliwa ili karatasi ya alminyumu ionekane, kitako cha kopo ambapo namba zinapigwa, na picha moja ya kopo zima likiwa pamoja na kikaratasi kilichoandikwa tarehe ya siku ile na jina la kikundi. Kikaratasi kile hakipimi uzuri wa unga. Kinahakikisha tu kwamba kopo liko mkononi mwake kweli, na kwamba picha haikuazimwa.

Picha zilikuja kisha siku mbili. Tulianza na etiketi ya nyuma, kwa sababu pale hesabu ya darasa la nne inatosha.

Kwenye kopo la vanili iliandikwa uzito wa gramu 907. Watu wengine wanashangaa juu ya namba hii ya ajabu, kwa nini si 900 ao 1 000. Ni kwa sababu Waamerika wanapima kwa libra, na libra 2 ni gramu 907. Kipimo kimoja, ni kusema kijiko kimoja kilichojaa, ni gramu 30, na vipimo ndani ya kopo ni 30. Tukizidisha 30 kwa 30 tunapata 900, na zile gramu 7 zinazobaki si kitu. Hapo ni sawa. Ndani ya kipimo kimoja kuna proteini gramu 24, sukari na wanga gramu 3, mafuta gramu 1,5. Tukijumlisha tunapata 28,5, ni chini ya 30, na nafasi inayobaki ni ya maji kidogo, chumvi na harufu ya vanili. Hapo pia ni sawa. Tena kuna kalori: gramu moja ya proteini inatoa kalori 4, ya wanga kalori 4, ya mafuta kalori 9. Kwa hiyo 96 na 12 na 13,5, jumla 121,5. Etiketi inasema 120. Viwanda vinaruhusiwa kufupisha namba, kwa hiyo tofauti ya kalori moja ao mbili isitutishe.

Kopo la shokola lilikuwa na uzito uleule wa gramu 907 na kipimo kilekile cha gramu 30. Lakini vipimo viliandikwa 45. Mara 45 kwa 30 ni 1 350. Wapi zile gramu nyingine zaidi ya mia nne zitakaa ndani ya kopo la gramu 907? Proteini iliandikwa gramu 27, wanga 5, mafuta 3. Jumla ni gramu 35 ndani ya kijiko cha gramu 30, sawa na kumwaga lita tano ndani ya bido ya lita nne. Kalori je? 108 na 20 na 27 ni 155, lakini etiketi ilikuwa bado inasema 120. Hapa mtu anaona kabisa mkono wa aliyeiga. Alibadilisha namba kubwa zinazovuta mteja, ile ya proteini na ile ya vipimo, akasahau kubadilisha namba ndogo zilizobaki chini.

Kuna kitu kimoja cha kuongeza hapo. Unga wa proteini unaotolewa katika maziwa si proteini tupu. Ule wa kawaida una karibu gramu 80 za proteini ndani ya gramu 100, na ule uliosafishwa zaidi unakaribia 90. Ndiyo kusema kijiko cha gramu 30 hakiwezi kupita sana gramu 27 hata kama unga ni wa bei ya juu kabisa na hauna harufu yoyote ndani. Ule wa shokola una kakao, kwa hiyo lazima ushuke kidogo. Mtu akikuonesha etiketi ya shokola yenye gramu 27, angalia mara mbili. Akikuonesha gramu 40 ao 50 ndani ya kijiko cha 30, usiendelee kuangalia. Ila soma vizuri mbele ya kulaumu: etiketi nyingine zina safu mbili, moja ya unga peke yake na nyingine ya unga uliochanganywa na maziwa, na ile ya pili ina proteini nyingi kwa sababu maziwa yenyewe yana proteini. Makopo ya Ulaya yanatoa hesabu kwa gramu 100 kwanza, kisha kwa kijiko. Hapo namba kubwa ni ya haki.

Tuseme neno fupi juu ya maandishi yenyewe. Etiketi ya kweli inataja vitu vinavyoweza kudhuru watu wengine: maziwa, soya, mayai, karanga. Kopo la proteini ya maziwa lisilotaja maziwa mahali popote ni la kuogopa. Makosa ya spelingi yanasaidia pia, lakini msiyategemee sana. Anayeiga leo anapiga fotokopi ya rangi ya etiketi nzima, na spelingi inatoka safi. Mnachoweza kuona ni herufi ndogo ndogo: zikikuzwa kwenye picha, za kiwanda zinabaki na makali, za kopi zinajaa wino na matundu ya «a» na «e» yanazibika.

Sasa tufike kwenye karatasi ya alminyumu, ile inayofunika mdomo wa kopo chini ya kifuniko. Wamama wengi wanauliza tu kama ipo ao haipo. Swali la maana zaidi ni: ilishikamanishwa namna gani?

Kiwandani kopo linajazwa, kifuniko kinafungwa kikiwa tayari na karatasi ile ndani yake, kisha kopo linapita chini ya mashine yenye sumaku ya umeme. Ile sumaku inapasha alminyumu moto kwa muda mfupi sana bila kugusa kopo. Chini ya alminyumu kuna ngozi nyembamba ya plastiki, inayeyuka na kushikamana na mdomo wa kopo kuzunguka pande zote. Hakuna gundi ya kupaka, hakuna mkono wa mtu. Kwa hiyo karatasi ya kweli imekatwa duara safi, inalingana na ukingo wa kopo, imekaa katikati, na ukingo wa kopo unaonekana kama pete iliyochorwa chini yake. Ukiivuta inakataa, kisha inatoka na kuacha alama ya pete kwenye mdomo mzima. Haipasuki hovyo kama ile alminyumu ya kufunikia nyama jikoni. Wakati mwingine ndani ya kifuniko kunabaki duara la karatasi ngumu. Hiyo si takataka wala si alama kwamba mtu alifungua. Viwanda vingine vinatumia karatasi mbili zilizoshikana kwa nta, moto unayeyusha nta, na moja inabaki juu katika kifuniko.

Kwa kuona haya yote katika picha, mwangaza ni kila kitu. Muuzaji akipiga picha kutoka juu na flashi, alminyumu inakuwa taa nyeupe, huoni chochote. Mwombeni asogee karibu na dirisha, azime flashi, na ainamishe telefone ili mwanga upite juu ya karatasi kutoka upande. Hapo kila kunjo linatoa kivuli chake.

Kwenye kopo la vanili tuliona pete kamili na karatasi iliyofura juu kama tumbo la ngoma. Mama mmoja alishtuka, akafikiri unga umeoza na kutoa hewa. Hapana. Bukavu na Goma tunakaa karibu mita 1 500 juu ya bahari, na hewa ya huku inasukuma kidogo kuliko ile ya pwani. Kopo lililofungwa kiwandani karibu na usawa wa bahari, likapita bandari ya Mombasa ao Dar es Salaam na kupanda hadi kwetu, lina ndani yake hewa ya chini inayotafuta nafasi. Ni jambo lilelile mnaloliona kwenye sashe za chipsi zinazofura dukani mpaka zinakaribia kupasuka. Kwa hiyo kufura kidogo huku kwetu ni alama nzuri: inaonesha kwamba hewa haikutoka njiani. Ikiwa karatasi imelegea kabisa, mtu aulize kama kuna tundu dogo, ao kama kopo lilifungwa hukuhuku mlimani. Hatusemi kwamba kulegea kunatosha kuhukumu, kwa sababu kuna viwanda vilivyojengwa mahali pa juu, na kopo laini linaweza kujivuta lenyewe. Ila ni sababu ya kuomba picha nyingine.

Kwenye kopo la shokola karatasi ilikuwa imesogea upande mmoja, ukingo mweupe wa kopo ukaonekana upande wa pili. Makunjo matatu yalianzia ukingoni yakielekea katikati, na pembeni kulikuwa na nyuzi za gundi iliyokauka, kama zile zinazobaki mtoto anapobandika kazi yake ya shule. Muuzaji alijibu kwamba ni joto la njiani. Joto la njiani linaweza kufanya unga ushikamane mabonge, linaweza hata kulegeza karatasi. Haliwezi kuihamisha upande na kuibandika tena na gundi. Wengine wanatumia pasi ya moto mahali pa gundi. Hapo mnaona alama za kahawia, ao pete mbili zisizolingana, ya kwanza ya kiwanda na ya pili ya pasi.

Na tuseme wazi upande mwingine pia: mashine ndogo za mkononi za kufunga karatasi hizi zinauzwa kwa mtu yeyote. Karatasi mbaya inatosha kwa kukataa kopo. Karatasi nzuri haitoshi kwa kulikubali. Maneno yaliyochapwa juu ya karatasi, kwamba imefungwa kwa usalama wako, hayana uzito wowote, kwa sababu karatasi zenye maneno yale zinauzwa kwa mafungu.

Juu ya kijiko tutapita haraka zaidi, maana kijiko kiko ndani na kopo zuri halifunguliwe kwa ajili ya picha. Kijiko ni cha kuangalia siku kopo limefika na mmefungua wenyewe, ao pale muuzaji anapouza kopo lililokwisha kuanzwa, jambo ambalo sisi hatulipendi hata kwa nusu ya bei. Wengi wanalalamika kwamba wameibiwa kijiko kwa sababu hawakioni juu. Unga unashuka na kutikisika njiani, kijiko kinazama. Tafuteni chini kwa mpini wa kijiko kingine kilicho safi na kikavu. Kopo lisilojaa mpaka juu pia si wizi, ni kutikisika kulekule. Kinachohesabika ni uzito kwenye mizani.

Lakini saizi ya kijiko inasema ukweli. Kwenye mpini ao chini yake mara nyingi kumeandikwa mililita. Mililita si gramu: unga huu ni mwepesi, na gramu 30 zinahitaji kijiko cha karibu mililita 60 mpaka 80, ni kusema vijiko vya supu vinne ao vitano. Mkikuta kopo linalosema gramu 30 kwa kijiko kimoja, na kijiko chenyewe ni cha mililita 30, kuna mmoja anayedanganya. Kijiko hicho kitabeba gramu 12 ao 15 tu. Labda etiketi inasema vijiko viwili, someni. Kama inasema kimoja, kijiko kilitoka kwenye kopo lingine, na unga labda pia. Mama mwenye mizani ya kupimia dagaa apime kijiko kumi kwa pamoja, kwa sababu mizani ya soko haioni gramu 30 vizuri, lakini 300 inaziona.

Tulichelewa zaidi kwenye kitako cha makopo, na hapo ndipo vitamini za watoto zilipojulikana.

Namba ya loti na tarehe ya mwisho havichapwi pamoja na etiketi. Etiketi zinachapwa mbele, kwa maelfu, zikiwa zote sawa. Loti inapigwa siku kopo linapojazwa, na mashine inayorusha matone madogo ya wino bila kugusa, ao inayochoma plastiki kwa mwanga. Kwa hiyo ukikuza picha ya loti ya kweli, mara nyingi unaona herufi zilizotengenezwa na vidoti, zimelala kidogo upande, hazikai sawasawa kutoka kopo moja hadi lingine. Uzuri wake ni huo wa kutokuwa nzuri sana. Loti ambayo imechapwa kwa herufi zilezile za etiketi, wino uleule, ndani ya mstari uliopangwa vizuri, inawezekana ilipigwa fotokopi pamoja na etiketi. Basi kila kopo la mtu huyo litakuwa na loti moja milele.

Ndivyo tulivyoona. Kopo la shokola lilikuwa na LOT sawa kabisa, herufi kwa herufi, na kopo la shokola ambalo muuzaji yuleyule alikuwa ametangaza ndani ya kikundi kingine miezi mingi mbele, na dada mmoja alikuwa bado ana picha yake. Makopo mawili yenye loti moja siku moja si ajabu, yalitoka katoni moja. Muuzaji kuwa na loti moja mwaka mzima, hapo tujiulize. Na vanili na shokola kuwa na loti moja ni vibaya zaidi, kwa sababu loti ni ya mkupuo mmoja wa kiwanda, na kiwanda hakitengenezi harufu mbili ndani ya mkupuo mmoja.

Kopo la vitamini lilikuwa na etiketi nzuri na karatasi nzuri. Liliandikwa EXP 04/2027. Lakini kuzunguka tarehe plastiki iling'aa kama kioo, na mahali pengine pote ilikuwa haing'ai. Tulipokuza picha, chini ya ile 7 kulikuwa na kivuli cha 5. Wino wa loti unatoka kwa disolvan, ileile ya kufutia rangi ya kucha, na disolvan inaacha sura yake kwenye plastiki. Kopo lilikuwa la kweli, kiwanda kilikuwa cha kweli, mwaka ndio uliokuwa umebadilishwa. Vitamini zilizopita tarehe kwa kawaida hazigeuki sumu. Zinapungua nguvu, na vitamini C inaanza kugeuka rangi ya kahawia. Lakini mama analipa dola 18 akifikiri anampa mtoto kitu ambacho hakimo tena. Na mtu anayefuta tarehe, hatujui aliziweka wapi wakati huo wote, ndani ya kontena gani la jua.

Juu ya tarehe kuna mtego mwingine usio wa wizi. Mwamerika anaandika mwezi mbele ya siku, Mulaya anaandika siku mbele ya mwezi. 03/11/2026 inaweza kuwa tarehe 3 mwezi wa kumi na moja ao tarehe 11 mwezi wa tatu. Angalieni etiketi inasema kopo lilitoka wapi, na mkibaki na mashaka chukueni tarehe ya karibu zaidi.

Basi kikundi kilifanya nini? Kilikataa shokola na vitamini, kikaandika kwa nini, na picha kikamrudishia muuzaji zikiwa na duara nyekundu. Hakujibu juu ya gundi, wala juu ya disolvan. Kwa vanili kilikubali, lakini si kwa avanse ya nusu: dola 10 kwanza, zilizobaki siku ya kupokea. Siku ile mama wawili walikwenda pamoja, wakageuza kopo, wakalinganisha loti ya kitako na ile ya kwenye picha, herufi moja moja, mbele ya kutoa zile 45. Zililingana. Kama zingepishana, wangerudi na mafaranga yao, hata kama kopo lilikuwa zuri kwa macho, kwa sababu kopo walilolichunguza lilikuwa lingine.

Hata hapo hatusemi kwamba picha inajua kilicho ndani. Mwaka 2008 huko China maziwa ya unga ya watoto yaliuzwa yakiwa na makopo ya kweli, loti za kweli, kutoka kwa kampuni za kweli, na ndani kulikuwa na melamini. Kipimo cha kawaida cha proteini kinahesabu azoti tu, na melamini ina azoti nyingi, kwa hiyo maziwa yaliyotiwa maji yalionekana kwenye karatasi kuwa na proteini ya kutosha. Watoto karibu 300 000 waliumia, sita wakafa. Hakuna mama aliyeweza kuona hilo kwenye karatasi ya alminyumu. Picha inatusaidia kukataa makopo mabaya yanayoonekana, basi.

Na kopo hata likiwa safi si la kila mtu ndani ya nyumba. Unga wa proteini si maziwa ya mtoto mchanga wala si dawa ya mtoto mwenye utapiamlo. Huyo anapelekwa kwenye kituo cha afya, wanampima mkono na kumpa chakula chake maalumu. Mzee mwenye ugonjwa wa figo asianze bila kuuliza monganga. Vitamini zenye madini ya chuma zifungiwe juu kabisa, kwa sababu zinafanana na bonbon, na mtoto mdogo akila nyingi kwa mara moja anaweza kufa nazo.

Picha ya loti muiweke kwenye telefone mpaka kopo liishe. Mtu akiumwa tumbo ao akitoka mapele, ile namba ndiyo kitu cha kwanza mtakachoonesha hospitali, na kiwanda kinaweza kuitafuta.

Neno la mwisho ni juu ya kopo likiisha. Kuna vijana wanaopita mtaani wakinunua makopo matupu ya proteini, na wanalipa zaidi kwa yale yenye kifuniko na kijiko. Mtu wa kuwekea chumvi hachagui hivyo. Mbele ya kumpa yeyote kopo, hata jirani, sisi tunatoboa kitako kwa msumari wa moto pale palipo na loti, na tunachana etiketi kutoka juu mpaka chini kwa kisu. Kwa kuwekea maharagwe bado linafaa, maharagwe hayapiti kwenye tundu la msumari.